Bajeti ya Dharura: Mafuriko ya Bonde la Mto Lukuledi, Lindi

Kaya 120, siku 14. Idadi ni ya watendaji wa vijiji, ya jana jioni; tutaihakiki wakati wa kugawa.

Unga, kilo 25 kwa kaya @ 45,000: 5,400,000
Maharage, kilo 5 kwa kaya @ 15,000: 1,800,000
Turubai 120 @ 40,000: 4,800,000
Ndoo zenye kifuniko 240 @ 8,000: 1,920,000
Lori na mitumbwi, siku 6 @ 250,000: 1,500,000
Jumla ndogo: 15,420,000
Tahadhari, 5%: 771,000
Jumla kuu: Sh 16,191,000

Bei za chakula zimetoka kwa muuzaji mmoja wa Lindi mjini, kwa simu. Tunaomba mfadhili aturuhusu kununua chakula bila bei tatu za kulinganisha, kwa sababu watu wamelala shuleni siku ya tatu na watoto wanakula mlo mmoja. Turubai na ndoo tutazilinganisha kama kawaida.

Wenye mitumbwi hawana risiti za mashine. Kila mmoja atasaini hati ya malipo, au aweke dole gumba, mbele ya mtendaji wa kijiji: tarehe, safari, mzigo. Hati ijazwe palepale ufukweni. Kuzitafuta saini mwezi mmoja baadaye ni kazi ngumu, na mkaguzi ana haki ya kuzitilia shaka.

Orodha ya mgao iandikwe kwa jina la mkuu wa kaya, wakiwemo wanawake wanaoishi peke yao. Hao husahaulika.

Fedha zinahitajika kesho kabla ya saa sita mchana. Fedha za tahadhari haziguswi bila idhini ya maandishi. Ripoti ya matumizi: siku ya 21.