DOKEZO: Ziara ya Mutukula, upande wa Uganda

KWA: Naibu Katibu Mkuu (Biashara)
KUTOKA: Ofisa Biashara, Kampala
ZIARA: Alhamisi, saa 3:00 asubuhi hadi saa 8:00 mchana
MATUMIZI: Ndani ya ofisi tu

Wenyeji watataka kukuonesha majengo. Majengo hayana shida. Shida iko kwenye karatasi za mfanyabiashara mdogo, na huko ndiko nashauri muda wako uende.

Usuli

Kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa tarehe 9 Novemba 2017 na Marais Magufuli na Museveni. Anayeingia Uganda humaliza taratibu za nchi zote mbili upande wa Uganda, na anayeingia Tanzania upande wetu. Kwa hiyo ukumbi utakaotembelea una watumishi wetu pia, wakifanya kazi ndani ya ardhi ya jirani kwa mujibu wa Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016. Wasalimie kwanza. Wana mengi ya kusema, ila hawatayasema mbele ya wageni. Tenga robo saa ya faragha nao.

Malori yana mfumo wao na mawakala wao, na wakikwama wanajua pa kupiga simu. Mama mwenye magunia mawili hana wakala. Kwa mzigo usiozidi dola 2,000, utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya unampa cheti chepesi cha uasili, na bidhaa iliyomo kwenye orodha haitozwi ushuru wa forodha. Wengi husikia "haitozwi" wakadhani hakuna kingine. Vibali vya afya ya mimea na vya viwango vinabaki palepale, pamoja na kodi za ndani.

Wiki iliyopita nilisimama kwenye mstari wa waendao kwa miguu. Mama mmoja wa mchele alipata cheti cha uasili pale pale, tena bila maneno. Dirisha la pili likamdai cheti cha afya ya mimea, na mwenye kukitoa hakuwepo. Alikaa juu ya gunia lake hadi saa 7, kisha kijana wa boda akaja, wakanong'ona, wakaondoka na mzigo. Sikuwauliza wanakwenda wapi. Njia za panya pale kila mtu anazijua.

Maswali ya kuuliza

Usiulize "changamoto ni zipi?" Utasomewa risala. Waulize maofisa wa dirishani: jana mmetoa vyeti vyepesi vingapi, na wangapi walirudishwa kwa kukosa nini? Daftari lipo, omba kuliona. Waulize pia nani hukaa kwenye meza ya mimea saa za chakula na siku za Jumapili, na umeme au mtandao ukikatika kazi huendaje.

Kwa wafanyabiashara, hasa wanawake: unalipa nini ambacho hupewi risiti? Swali hili uliulize bila ofisa yeyote kando yako, la sivyo jibu litakuwa "hakuna".

Mambo nyeti

La kwanza ni amri yetu ya Julai 2025 iliyowazuia wasio raia kufanya biashara 15, zikiwemo uwakala wa fedha kwa simu, ufundi simu na ununuzi wa mazao shambani. Hili la mwisho ndilo linalouma hapa, maana wapo Waganda waliozoea kuvuka kufuata mahindi na maharage kwa mkulima. Lazima litaibuka, na Itifaki ya Soko la Pamoja ya 2010 itatajwa. Usiitetee amri hiyo kwa kirefu wala usiahidi mapitio. Inatosha kusema kuwa kununua sokoni au ghalani hakujazuiwa, na kwamba malalamiko utayafikisha Dodoma. Usipoyafikisha watajua, wana ndugu zao upande wetu.

Vita. Mutukula ya upande wa Uganda ilibomolewa na majeshi yetu Januari 1979, baada ya Amin kuvamia Kagera. Wazee waliokuwepo bado wapo. Sisi huizungumzia vita ile kwa fahari. Pale usiitanie wala usiitolee mfano.

Bomba la mafuta la Hoima hadi Tanga linapita eneo hili. Waandishi wakikuuliza kuhusu fidia, waelekeze wizara husika.

Itifaki: Mkuu wa Wilaya ya Kyotera (RDC) ni mteule wa Rais, kama wetu. Mwenyekiti wa LC5, yaani baraza la wilaya, amechaguliwa kwa kura na huenda ni wa chama kingine. Wote watakuwepo. Mtaje RDC kwanza, lakini mwenyekiti asikose nafasi ya kusema.

Mapendekezo

Gari likuache upande wetu, uvuke kwa miguu kupitia mlango wa watu wa kawaida. Msafara wa magari utafagia mstari mzima kabla hujafika, na hutaona kitu. Tamko kwa vyombo vya habari lisizidi dakika tatu. Rasimu nitakukabidhi Bukoba Jumatano jioni.