Kipimo cha Fundi

Aliporudi nyumbani Kibokoni kutoka hospitalini, Mzee Athumani, aliyeshona kanzu kwa zaidi ya miaka 40, aliteswa na aibu kuliko kidonda. Utumbo wake mpana uliokuwa na maradhi ulikuwa umeondolewa, na ncha ya utumbo mwembamba ikatolewa nje upande wa kulia wa tumbo, nyekundu na yenye unyevu, isiyouma hata ikiguswa. Choo chepesi kikawa kinatoka saa yoyote bila kumwomba ruhusa na kuingia katika mfuko uliobandikwa kwenye ngozi. Kwa mtu ambaye hakuvumilia hata uzi mmoja kuning'inia kwenye pindo, jambo hilo lilikuwa zito.

Majuma ya mwanzo mkewe, Bi Rukia, ndiye aliyembadilishia mfuko, naye mzee akitazama dari. Ngozi ilipoanza kuwaka moto na kibandiko kubanduka usiku, alilazimika kuinamisha macho, na jicho la fundi likaona haraka: tundu la kibandiko lilikatwa kwa kipimo cha siku za hospitalini, ilhali utumbo ulikuwa umeshapungua uvimbe, na choo kikawa kinaichoma ngozi iliyobaki wazi.

"Mama Zena, niletee mkasi ule mdogo," akamwambia mkewe. "Mwili umepungua, nguo haikupunguzwa."

Akapima, akachora, akakata, akiacha pembeni nafasi isiyozidi milimita 3. Tangu siku hiyo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukata. Akajifunza kumwaga mfuko kabla haujafika nusu, kunywa maji ya chumvi na sukari joto la Machi lilipozidi, na kutafuna taratibu. Karanga na nazi ya kutafuna aliziacha, zisije zikamziba utumbo. Wali wa nazi aliutetea kwa hoja kwamba tui limeshachujwa, na muuguzi wa kliniki akamkubalia.

Kilichobaki ni msikiti. Alimwita maalimu nyumbani, akamuuliza waziwazi. Maalimu akamweleza kwamba mwenye udhuru wa kutokwa daima hutawadha wakati wa swala ukishaingia, kisha akaswali, na kinachotoka bila hiari yake hakimbatilishii. Mzee akanyamaza, akaliuliza swali lile lile kwa maneno mengine, akapata jibu lile lile.

Ijumaa iliyofuata akatoka na kanzu aliyoishona mwenyewe, pana kiunoni, yenye mfuko wa kitambaa kwa ndani wa kuubeba ule mwingine usivute ngozi. Baada ya swala, Mzee Shee, mwenzake wa barazani, akashika ubavu wa kanzu akaukagua.

"Fundi, hii kata mpya? Yasitiri tumbo vizuri. Nishonee na mimi."

"N'takushonea," akajibu Mzee Athumani, "lakini mara hii utatanguliza pesa. Ile ya Idi hujanilipa mpaka leo."