Ruhusa ya kutoka saa tisa na nusu

Kimara, Jumamosi, 14 Juni 2025

Shikamoo Mama Mwenyekiti,

Naomba ruhusa ya kutoka kikaoni leo saa tisa na nusu. Nakupa karatasi hii kabla hatujaanza, kwa sababu katiba yetu inataka ruhusa iombwe kabla ya akidi kuhesabiwa, na kwa sababu mwezi wa tatu mimi ndiye niliyesimama nikawasema wanaoaga kwenda chooni wakaenda mazima. Sasa zamu yangu imefika, nisije nikachekwa.

Sababu ni mama yangu mzazi. Anakuja leo kutoka Morogoro kwa treni ya umeme, na inaingia saa kumi na moja jioni. Jumatatu asubuhi ana miadi ya macho. Jicho la kulia limeshatolewa mtoto wa jicho, la kushoto bado, na kwa sasa anaona vivuli tu. Morogoro kuna mtu wa kumpandisha na kumkalisha kwenye siti. Akishuka huku ni mimi tu. Baba Neema yuko njiani na lori kwenda Tunduma, Neema yuko bweni. Nilifikiria kumtuma kijana wa bodaboda ninayemwamini ampokee, Mama akaniambia kwenye simu kwamba pikipiki hapandi hata aletewe na malaika. Basi nitapanda mwendokasi mpaka Gerezani, nitembee mpaka stesheni, nimsubiri pale wanapotokea abiria. Kwenda mjini mchana si kazi. Kazi ni kurudi naye jioni, watu wamejaa mlangoni, na yeye haoni ngazi.

Ningeweza kuomba udhuru wa kikao kizima. Sikutaka, kwa mambo mawili.

La kwanza ni ufunguo. Mimi ni mtunza ufunguo namba 2, na sanduku halifunguki mpaka watatu tuwepo. Nikibaki nyumbani leo, watu thelathini watakaa na hela zao mkononi wakiangalia kufuli. Na kumpa mtu mwingine ufunguo sitaki, hata mhazini ambaye namheshimu sana, maana sanduku linalala kwake. Sanduku na ufunguo vikilala nyumba moja, kufuli tatu zina kazi gani? Kwa hiyo nakuomba tubadilishe mpangilio: tukishamaliza sala na kuita majina, twende moja kwa moja kwenye hisa, mfuko wa jamii, marejesho na mikopo mipya. Tuhesabu mbele ya wote, tufunge, mhazini aondoke na sanduku lake na mimi niondoke na ufunguo wangu. Maongezi yafuate baadaye. Atakayechelewa na marejesho yake asubiri Jumamosi ijayo na faini yake, sanduku lisifunguliwe tena kwa ajili ya mtu mmoja. Unakumbuka mwaka jana ufunguo uliposahaulika Kibaha? Tulimlipa fundi akate kufuli kwa msumeno, halafu tukanunua jingine, na hela yote ikatoka kwetu sisi wenyewe.

La pili ndilo lililonifanya nigeuze karatasi upande wa pili.

Ajenda ya tano inahusu deni la mwenzetu namba 19. Mimi ni namba 17, tuko kundi dogo moja la watano, na mimi ni mmoja wa waliomdhamini. Najua nikinyanyuka saa tisa na nusu, na ajenda hiyo ikaanza saa kumi, kuna watakaotazamana. Pengine hata wewe Mama ungetazama, na nisingekulaumu. Ndiyo maana ninayaandika, ili katibu ayasome ajenda itakapofika, nisije nikasemewa nisiyoyasema.

Deni lililobaki ni shilingi 240,000. Wadhamini tuko wanne, kila mmoja anabeba 60,000. Nakubali kubeba sehemu yangu. Leo kwenye marejesho nitatoa 20,000 mbele ya wote, na nitaendelea hivyo hivyo Jumamosi mbili zijazo mpaka ziishe. Iandikwe kwenye daftari kwamba ni hela ya udhamini, isichanganywe na mkopo wangu mwenyewe, ambao sidaiwi hata wiki moja. Wenzangu watatu wa kundi letu nimeongea nao jana jioni. Kila mmoja atajisemea, mimi siwezi kuwaahidia.

Ninaomba pia jambo moja kwa niaba ya namba 19, kwa kuwa leo hatakuwepo na mimi sitakuwepo kumtetea. Alipokopa 600,000 ya kununua mtaji wa vitenge alilipa vizuri tu mpaka alipougua. Aliyeshindwa na aliyekataa ni watu wawili tofauti. Tusiende kubeba vyombo vyake. Anazo hisa humu ndani, na tukivunja mwezi wa kumi na mbili atakatwa hapo kabla hajapokea chochote, atulipe na sisi wadhamini tulichomtolea. Ila barua ya onyo aandikiwe, maana simu hapokei, na hilo hata mimi limenikera.

Kuhusu kupandisha hisa kutoka 5,000 kwenda 10,000, kura ya mtu asiyekuwepo haihesabiwi, sibishani na hilo. Maoni yangu tu: tusiguse bei katikati ya mzunguko. Siku ya kuvunja tunagawa faida kwa idadi ya hisa. Aliyenunua kumi za elfu tano na atakayenunua kumi za elfu kumi wataandikwa sawa kwenye daftari, na hapo ndipo ugomvi utaanzia. Tukivunja, mzunguko mpya tuuanze na bei mpya anayoiweza kila mtu. Wako humu mama ntilie ambao hiyo elfu tano wanaitafuta wiki nzima.

Na akidi naomba uiangalie. Tunatakiwa kuwa 20. Mkiwa 20 kamili na mimi ndani yake, nikitoka mnabaki 19, msipitishe uamuzi wowote mkubwa. Jadilini, uamuzi usubiri wiki ijayo.

Nitakaa karibu na mlango ili nisiwapite watu magotini. Muda ukifika nitakuangalia, ukinipa ishara nitasimama na kusema haya tu:

“Mwenyekiti, wanakikundi wenzangu, naomba radhi, natoka kwa ruhusa. Naenda stesheni kumpokea mama yangu, macho yanamsumbua na hana mtu mwingine wa kumshika mkono. Sanduku limefungwa mbele yenu nyote na ufunguo wangu ninao. Kuhusu ajenda ya tano, katibu ana maneno yangu kwa maandishi, naomba yasomwe yote, yasikatwe. Nawatakia kikao chema.”

Usiniruhusu niongeze. Unanijua nikianza.

Jioni nitakupigia unijulishe mlichoamua, na nitakachoandikiwa nitakipokea. Ukinitafuta kabla ya hapo na sipokei, usione vibaya: mkono mmoja utakuwa na Mama, mwingine utakuwa na mchele wake, maana ameshasema haji mikono mitupu.

Wako katika kikundi,

Mama Neema
Mwanachama namba 17, mtunza ufunguo namba 2