NIMEAMUA NINI? (skripti ya video fupi)

Video ni ya dakika 4 hivi, ya wima, ya kuangaliwa kwenye simu. Chumba kimoja tu, kiduka cha kuprinti na kutoa kopi. Waigizaji watatu: YAKUBU, miaka thelathini na kidogo, shati limepigwa pasi, ZUHURA, umri huohuo, ana flashi mkononi anaichezeachezea, na MAMA mwenye duka ambaye hana maneno mengi.

Kwa anayeshika kamera, tafadhali usishuti kwenye giza totoro ukategemea kuongeza mwanga kwenye editi, picha itajaa chenga na nyuso hazitaonekana. Chukua tochi ya simu, ielekeze kwenye karatasi nyeupe, ule mwanga unaorudi ndo umulike nyuso zao, unakuwa laini na ngozi inapendeza. Afu funga ekspoja kabla hamjaanza, la sivyo simu itakuwa inajiongezea mwanga kila mtu akisogea.

TUKIO LA 1. NDANI, JIONI

Karibu sana na printa. Karatasi inatoka taratibu, tunaona mistari mitatu ya juu. Feni inazunguka. Yakubu anaangalia saa.

YAKUBU: Mama, naomba hiyo moja tu, nina haraka kwelikweli.

MAMA: Inatoka hiyo.

ZUHURA: (nyuma yake) Na mimi nina haraka kaka, ila nimepanga foleni.

YAKUBU: Samahani dada, sikukuona.

Taa zinazimika. Printa inakwama, karatasi nusu nje nusu ndani. Acheni sauti ya feni ipungue yenyewe mpaka iishe, msiweke muziki hapa, huo ukimya ndo unatuingiza kwenye stori.

MAMA: Basi tena. Ngoja niangalie kama ni kwetu tu au mtaa mzima. Msiondoke, umeme ukirudi natoa zote.

Anatoka. Tunabaki na vivuli viwili.

TUKIO LA 2. GIZANI

Yakubu anawasha tochi ya simu, anaivuta ile karatasi. Inatoka imekunjamana, na maandishi ya chini kabisa yanafutika vidoleni.

ZUHURA: Usiishike hapo, tona haijaiva hiyo. Inapita kwenye joto mwishoni, bila hivo ni unga tu.

YAKUBU: Unafanya kazi za kuprinti?

ZUHURA: Ofisini kwetu printa ikikwama naitwa mimi. Hebu.

Anaipokea. Macho yanaangukia kwenye maandishi kabla hajajizuia.

ZUHURA: "Ninakuandikia barua hii kukujulisha kwamba nimeamua..." (anageuza karatasi, nyuma hakuna kitu) Umeamua nini?

YAKUBU: Umeme umekatikia hapo.

ZUHURA: Umeme umekatika, we si upo?

Yakubu anajifuta jasho kwa vidole vilevile. Tona inabaki shavuni, mstari mweusi mrefu. Zuhura anauona, hasemi. Kamera ikae kwenye uso wa Zuhura, sio kwenye shavu, maana tunataka kuona akiamua kutosema.

YAKUBU: Kuacha kazi. (kimya) Hujui tu, we ndo mtu wa kwanza kumwambia.

ZUHURA: Mimi? Hata nyumbani hawajui?

YAKUBU: Nyumbani wataniuliza naenda wapi.

ZUHURA: Unaenda wapi?

YAKUBU: Haya, umeanza.

Zuhura anacheka. Cheko la kweli, la kumtoka tu. Muigizaji asilitengeneze, mkirudia mara kumi na haliji basi liondoeni kabisa.

YAKUBU: Na ya kwako ni barua gani?

ZUHURA: Sio barua. Mdogo wangu anaolewa kesho, nimeambiwa nitoe hotuba. Mi mbele za watu siwezi, naanza kutetemeka, sauti inapotea, nikaona bora niprinti kwa maandishi makuubwa nisome tu niketi.

YAKUBU: Iko kwenye simu?

ZUHURA: Iko.

YAKUBU: Soma.

ZUHURA: Hapa?

YAKUBU: Sa hivi sikuoni vizuri, na wala sikujui. Utapata wapi msikilizaji rahisi kama mimi?

Zuhura anafikiria. Anafungua simu, mwanga wa skrini unampiga usoni.

ZUHURA: (haraka, kama anasoma tangazo) "Ndugu wageni waalikwa, leo ni siku ya furaha kubwa kwa familia yetu, mdogo wangu tangu utoto wake alikuwa..."

YAKUBU: Pole pole. Hakuna anayekufukuza.

ZUHURA: "...alikuwa anaogopa kulala peke yake. Kila usiku ananigongea mlango, namwambia rudi kwako, harudi..."

Skrini inazimika. Chaji imeisha.

ZUHURA: Aa! Basi, imekufa.

YAKUBU: Akawa harudi, ikawaje?

Zuhura anabaki na simu iliyokufa mkononi. Anaanza kuongea taratibu, hasomi tena.

ZUHURA: Ikawa nasogea ukutani, analala. Analala na mguu wake juu yangu, mzito huo. Mi namlalamikia kila asubuhi. Afu alivyohama... nikawa sipati usingizi. Sijawahi kumwambia. Nilitaka kumwambia kesho kwamba kipindi chote kile nilikuwa nadhani yeye ndo anaogopa.

Kimya. Msikikate mapema jamani, hesabuni hata sekunde nne.

YAKUBU: Hilo la mwisho limeandikwa?

ZUHURA: Hapana.

YAKUBU: Liongeze.

ZUHURA: Nitalia.

YAKUBU: Lia. Na hujatetemeka, ulijua?

Zuhura anaangalia mikono yake kwenye mwanga wa tochi ya Yakubu. Imetulia.

TUKIO LA 3. UMEME UNARUDI

Taa zinawaka ghafla, wote wanafumba macho. Feni inaanza. Sasa ndo wanaonana vizuri kwa mara ya kwanza, na ule mstari wa tona uko wazi.

ZUHURA: Una... hapa. (anagusa shavu lake mwenyewe)

YAKUBU: Tangu saa ngapi?

ZUHURA: Tangu "nimeamua".

Mama anarudi, anawasha kompyuta, anafungua printa kutoa kipande kilichobaki ndani.

MAMA: Haya, nani aliyekuwa na haraka?

Yakubu anamuonyesha Zuhura. Zuhura anamuonyesha Yakubu.

MAMA: Si we kaka ulinisumbua hapa?

YAKUBU: Nilikuwa nayo mama, imeisha. Mwanzie dada, ana mstari wa kuongeza.

ZUHURA: Ya kwangu itachukua muda. Toa ya kwake.

Mama anabonyeza. Karatasi inatoka yote, safari hii mpaka chini. Zuhura ndo yuko karibu, anaiokota, anaisoma kimoyomoyo mpaka mwisho.

ZUHURA: "Wako mtiifu, Yakubu." Kumbe jina lilikuwa huku chini.

YAKUBU: We umeshanijua jina na siri yangu. Hotuba haina jina mwishoni.

ZUHURA: Si uulize.

YAKUBU: Unaitwa nani?

ZUHURA: Zuhura. (anampa barua yake, hajaiachia bado) Na kesho usiku nitataka kujua kama umeipeleka.

YAKUBU: Utajuaje?

ZUHURA: Mama, naomba kalamu.

MWISHO