Utaratibu wa Kuwahudumia Wagonjwa wa Akili kwa Simu ya Video

Unawahusu madaktari wa kliniki yetu ya Iringa na wauguzi wa vituo vya afya wanaotupigia kila Jumanne na Alhamisi.

1. Kutambuana

Daktari aanze yeye: ataje jina na namba yake ya usajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika. Kisha mgonjwa ataje mwenyewe majina matatu, umri na namba ya kadi ya kliniki. Asisomewe na kuulizwa "ni wewe?", maana aliyechanganyikiwa anaweza kuitikia lolote. Asiye na kitambulisho cha NIDA asirudishwe. Muuguzi anayemfahamu aandike kwenye faili kwamba amemtambua.

Kabla ya kugusa ugonjwa, andika mahali alipo sasa hivi, si anakoishi, pamoja na namba ya mtu wa karibu aliyemchagua mwenyewe. Hatua hii isirukwe hata foleni ikiwa ndefu. Simu ikikatika mtu akiwa na sumu mkononi, hatuna njia nyingine ya kumfikia.

2. Siri

Mlango ufungwe, daktari avae spika za masikioni. Ndugu akaribishwe baada ya mgonjwa kukubali, na hata hivyo mgonjwa apewe kwanza dakika zake peke yake. Anayepiga akiwa nyumbani aulizwe maswali ya ndiyo au hapana: "Kuna mtu anakusikia?" Akisema "naomba tuongee kesho", daktari aelewe kwamba hayuko salama kuzungumza, aage kwa utulivu, kisha ampigie muuguzi wa kituo.

Hakuna kurekodi. Jina wala picha ya mgonjwa visiwekwe kwenye kundi la WhatsApp, hata la wataalamu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatubana, lakini aibu anayobeba mgonjwa kijijini ingetosha kutuzuia.

3. Dharura

Uliza waziwazi: "Umefikiria kujiua? Kwa njia gani? Unayo hiyo dawa au kamba hapo?" Kuuliza hakumtii wazo kichwani. Usimtishe kwa polisi. Wengi wananyamaza kwa hofu hiyo.

Akiwa hatarini, daktari asikate simu. Mwenzake apige simu kituo cha karibu na kwa mtu wa karibu, na 112 pakiwa na silaha au vurugu. Hapa siri inalegezwa kwa kiasi cha kuokoa maisha tu, na mgonjwa aambiwe. Viuatilifu na sumu ya panya viondolewe nyumbani. Amitriptilini isitolewe ya mwezi mzima: siku 7, na ndugu azitunze.

4. Mtandao dhaifu

Zima video, baki na sauti. Ikikatika, daktari ndiye anayepiga tena, kwa simu ya kawaida, ndani ya dakika 2. Mgonjwa asilazimike kutafuta bando. Akikosekana mara tatu, muuguzi amfuate siku hiyohiyo. Aliyetaja kujiua afuatwe papo hapo.

Sauti ikikwaruza, jina la dawa na dozi virudiwe na muuguzi neno kwa neno. Pasiposikika vizuri, dawa mpya isianzishwe. Mgonjwa apangiwe kuonana na daktari ana kwa ana, na sababu iandikwe kwenye faili.