Daftari la Maoni ya Wahakiki: Kijitabu cha Kukausha na Kuhifadhi Mahindi Yasiingiwe na Sumukuvu

Rasimu iliyohakikiwa: ya pili
Rasimu inayorudi kwenu pamoja na daftari hili: ya tatu
Mhakiki A: mtaalamu wa hifadhi ya nafaka
Mhakiki B: afisa lishe
Mhakiki C: afisa ugani wa kata, Kondoa
Anayejibu: mhariri wa kijitabu

Ndugu wahakiki,

Ahsanteni kwa kuisoma rasimu neno kwa neno. Hoja zenu ni 13: saba zimekubaliwa, tatu zimerekebishwa, tatu zimekataliwa. "Imerekebishwa" maana yake nimekubali kasoro mliyoiona lakini dawa yake nimeitengeneza tofauti na mlivyopendekeza. Kila hoja iliyokataliwa ina sababu yake, ili aliyeitoa aweze kuipinga sababu hiyo. Sikuzipanga kwa kurasa. Nimeanza na ile iliyowagawa wahakiki wawili, kwa kuwa ndiyo inayomgusa mkulima moja kwa moja anapofika mahali pa kuamua kujaza mifuko au kuendelea kuanika.

A1 na C1. Kipimo cha chumvi (uk. 4). ZIMEREKEBISHWA ZOTE MBILI

Mhakiki A: "Ondoeni kipimo hiki. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5. Chumvi haiwezi kuonyesha hapo."

Mhakiki C: "Msikiondoe. Kwenye kata yangu hakuna kaya yenye kipima unyevu. Mkikiondoa, watarudi kung'ata punje kwa meno."

Mmesema kweli wote wawili. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta unyevu pale hewa iliyoizunguka inapofikia unyevu wa takribani asilimia 75, na mahindi yanayotoa hewa ya namna hiyo ndani ya chupa huwa na unyevu wa karibu asilimia 15. Kwa hiyo chumvi ikinata kwenye kioo, jibu ni la uhakika: mahindi ni mabichi. Isiponata, tunajua tu kwamba yameshuka chini ya 15. Yanaweza kuwa 13, yanaweza kuwa 14.5. Rasimu ya pili iliyachukua majibu yote mawili kuwa na uzito sawa, na hapo ndipo hatari ilipokuwa.

Ilisomeka: "Chumvi isiponata chupani, mahindi yamekauka vya kutosha. Hifadhi."

Sasa inasomeka: "Chukua chupa ya kioo iliyokauka, yenye kifuniko. Weka mahindi hadi theluthi ya chupa, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi iliyokaushwa vizuri, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha iache itulie dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, usihifadhi: rudisha mahindi juani. Isiponata, bado usifunge mifuko. Endelea kuanika, na kabla ya kuhifadhi mwombe afisa ugani au ghala la chama cha ushirika wakupimie kwa kipima unyevu."

Mhakiki C anaweza kuuliza: na pasipo na kipima unyevu hata ghalani? Nimeongeza sentensi moja kwa ajili ya hali hiyo: mkulima aanike tena kwa jua kali baada ya chumvi kuacha kunata, halafu apime upya kwa chumvi mpya. Sikuandika idadi ya siku, kwa sababu nisingeweza kuisimamia katika kila mkoa. Tafadhali nyote wawili isomeni aya hii upya kabla ya nyingine yoyote.

A2. "Mahindi yasiyo na kuvu ni salama" (uk. 2). IMEKUBALIWA

Mhakiki A ameandika pembeni neno moja tu: "Hapana." Nakubaliana naye kabisa. Sumukuvu haina rangi ya kuonekana kwa macho, haina ladha wala harufu, na punje chache zenye sumu nyingi zinaweza kuchafua gunia zima huku zilizobaki zikiwa safi. Kuvu yenyewe inaweza kufa au kupukutika na sumu ikabaki. Sasa inasomeka: "Punje zenye kuvu, zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu au zilizobadilika rangi zitolewe, kwa sababu humo ndimo sumu hukaa zaidi. Lakini kuchambua hupunguza sumu tu. Hakuthibitishi kwamba mahindi yaliyobaki ni salama." Nimeipitia rasimu yote nikitafuta mahali pengine tulipomwambia msomaji aamini macho yake. Palikuwa na pawili, kwenye maelezo ya picha uk. 7 na uk. 9. Pote pamerekebishwa.

B1. Kupika (uk. 3). IMEKUBALIWA

Mhakiki B anasema rasimu imenyamaza kuhusu moto, na kila mama anayemhudumia kliniki anaamini ugali ukiiva sumu imekufa. Nimeongeza: "Moto huua kuvu, hauondoi sumu. Joto la sufuria inayochemka halitoshi kuiharibu. Ugali, uji, makande na mahindi ya kuchoma yaliyotokana na mahindi yenye sumu yana sumu." Pia nimeeleza kwamba kukoboa hupunguza sumu kwa sababu sehemu kubwa hukaa kwenye ganda na kiini, na kwamba kwa sababu hiyo hiyo pumba za mahindi yanayotiliwa shaka ndizo zilizobeba zaidi. Hili la pumba linajibu pia sehemu ya hoja C2.

C2. Punje mbovu wapewe kuku au zitengenezwe pombe (uk. 6). IMEKATALIWA

Mhakiki C: "Mkulima hatatupa debe zima. Mwambieni awape kuku, au wauzie wapika pombe, asipate hasara mara mbili."

Hasara hiyo naijua, na sichukulii kutupa chakula kuwa jambo jepesi kwa kaya iliyolima kwa jembe la mkono. Lakini siwezi kuandika hivyo. Sumu hii ilianza kutambuliwa mwaka 1960 baada ya bata mzinga kufa kwa wingi Uingereza kwa kula chakula chenye mashudu ya karanga. Ndege wanaofugwa ni miongoni mwa wanyama wanaoathirika sana. Ng'ombe wa maziwa akilishwa, sehemu ya sumu hutoka kwenye maziwa ikiwa imebadilika umbo, na maziwa hayo ndiyo anayonyweshwa mtoto. Kuchachua pombe nako hakuhakikishi kwamba sumu imeondoka. Tukimpa mkulima njia hizo, debe lile litarudi mezani kwake au kwa jirani yake.

Ila hoja imenifanya nione kwamba rasimu ilisema "tupa" bila kusema wapi. Sasa inasema azifukie shimoni mbali na kuku, na asiziache jalalani. Na sura ya kwanza imeongezewa aya kuhusu mavuno ya wakati na kukausha mapema, maana hapo ndipo debe hilo linapopunguzwa ukubwa.

B3. Tukio la 2016 (uk. 1). IMEREKEBISHWA

Mhakiki B anataka kijitabu kifunguke na vifo vya Dodoma na Manyara, pamoja na picha ya mgonjwa aliyevimba tumbo. Tukio limepandishwa hadi aya ya kwanza: mwaka 2016 katika mikoa hiyo watu 68 waliugua na 20 kati yao wakafariki kwa sumukuvu. Nimeongeza pia la Kenya mwaka 2004, lililowapata watu 317 na kuua 125, wengi wao wa Makueni na Kitui, ili msomaji wa Kondoa asidhani ni balaa la kwao peke yao.

Picha sikuiweka. Familia za waliofariki zinaishi vijiji vile vile ambako kijitabu kitagawiwa. Mahali pake nimeweka mchoro wa dalili: macho ya manjano, tumbo kujaa maji, kutapika. Chini yake kuna maneno "Wahi zahanati, na usipike tena mahindi yale."

B4. Udumavu (uk. 3). IMEKATALIWA

Pendekezo: badala ya "uhusiano umeonekana kati ya sumukuvu na watoto kudumaa" tuandike "sumukuvu husababisha udumavu". Najua sentensi ya pili ina nguvu zaidi kwenye mkutano wa kijiji. Hata hivyo tafiti zimeonyesha uhusiano, na matokeo yake hayajalingana kiasi cha kuturuhusu kusema "husababisha" bila masharti. Saratani ya ini ni jambo lingine: sumu hii imewekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani katika kundi la 1, yaani vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, na hapo tumeandika "husababisha" bila kusita. Nataka mkulima aweze kuliamini neno hilo kila anapolikuta humu.

B2. Unga wa lishe (uk. 8). IMEKUBALIWA

Karanga huingiwa na sumu hii sawa na mahindi, na unga wa uji wa mtoto mara nyingi huchanganya vyote viwili. Rasimu ilizungumzia mahindi tu. Aya imeongezwa, pamoja na ushauri wa kumpa mtoto uji wa nafaka nyingine pia, kama ulezi au mtama, ili asitegemee mahindi siku zote.

A3. Mifuko isiyopitisha hewa (uk. 5). IMEKUBALIWA

"Huondoa sumukuvu" imefutwa. Mfuko huua dumuzi na fukusi kwa kuwakosesha hewa, na hulinda mahindi makavu yasinyonye unyevu. Sumu iliyoingia shambani itabaki humo humo. Nimeongeza kwamba mahindi mabichi yakifungwa humo yataoza, na kwamba mfuko uliotobolewa na panya au gunzi umekwisha kazi.

C3. Kuanika (uk. 4). IMEKUBALIWA

"Anika siku tatu" imeondolewa. Sasa ni kwenye turubai au kichanja, kamwe si juu ya udongo. Tabaka liwe jembamba, ligeuzwe mara kwa mara, lifunikwe kabla umande haujaanguka.

C4. Mahali pa kutoa taarifa (uk. 10). IMEKUBALIWA

Rasimu ilimtuma mwananchi TFDA. Tangu 2019 usalama wa chakula uko TBS. Nimefuata mpangilio wa Mhakiki C: mgonjwa apelekwe zahanati, mahindi yanayotiliwa shaka aelezwe afisa ugani, naye ndiye awasiliane na TBS.

A5. Kiwango cha juu cha sumu kinachoruhusiwa (uk. 2). IMEKUBALIWA

Miligramu 10 kwa kilo imekuwa mikrogramu 10 kwa kilo kwa jumla ya aina zote, na 5 kwa aina ya B1 peke yake.

A4. Maelezo ya aina nne za sumu na mbinu za maabara. IMEKATALIWA

Yanafaa kwa mwongozo wa maafisa. Msomaji wetu hana la kufanya nayo.

Anayepinga uamuzi wowote aandike namba ya hoja, sababu yake, na sentensi anayotaka iwekwe, kisha anitumie kabla ya Ijumaa ijayo. Hoja za A1 na C1 hazitafungwa mpaka A na C wote wawili waandike kwamba wameridhika. Mchoraji anasubiri aya hiyo ili amalize picha ya chupa.