Sera ya Pombe na Dawa za Kulevya kwa Wafanyakazi wa Mabasi, Dar es Salaam–Mbeya

Sera hii inaanza kutumika tarehe 1 Machi 2025. Inamhusu dereva, kondakta, fundi wa gereji, karani wa tiketi na mkurugenzi mwenyewe.

Dereva anayeshuka Kitonga na basi lililojaa lazima awe na akili timamu. Kwa hiyo anayeingia zamu kipimo chake cha pombe kiwe sifuri. Bangi, mirungi na unga haviruhusiwi kazini. Aliyemeza dawa ya mafua au mzio inayoleta usingizi, au aliyekesha akiuguza mtoto, amwambie msimamizi kabla ya safari. Atapumzishwa au kupewa kazi nyingine, na siku yake italipwa.

Upimaji

Tunapima kwa kura, baada ya ajali, au watu wawili wakiona dalili na kuziandika. Muuguzi ndiye anayepima, ndani ya chumba, si mbele ya abiria. Kifaa cha kupuliza kikionyesha pombe, mfanyakazi anasubiri dakika 15 bila kula, kunywa, kuvuta sigara wala kusukutua, kisha anapuliza tena. Dawa ya kusukutua mdomo inaweza kuacha pombe kinywani, ndiyo maana tunahesabu kipimo cha pili.

Kwa dawa za kulevya, mkojo unagawanywa katika chupa mbili, zinafungwa kwa lakiri mbele ya mwenyewe naye anatia saini. Kipimo cha haraka peke yake hakimtii mtu hatiani: dawa ya kikohozi yenye kodeini inaweza kuonekana kama afyuni. Chupa moja itapelekwa maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Ya pili inabaki kwa ajili ya mfanyakazi akipinga majibu. Akisubiri, haendeshi, ila mshahara wake haukatwi. Bangi hukaa kwenye mkojo hata wiki kadhaa, kwa hiyo majibu yake peke yake hayathibitishi kwamba mtu alikuwa amelewa siku ile. Majibu ni siri ya muuguzi, daktari na mwenyewe. Msimamizi ataambiwa tu kama mtu anafaa kazi au hafai.

Msaada

Anayejitokeza mwenyewe kabla ya kupimwa hafunguliwi mashtaka ya nidhamu. Anayegundulika mara ya kwanza anaanzia kwa daktari. Wa unga tutamsindikiza kliniki ya methadoni, Muhimbili au karibu na kwake, na ratiba ya zamu itapangwa kufuata dozi yake ya kila siku. Mnywaji wa muda mrefu asiache pombe ghafla peke yake: anaweza kupata degedege na kufa. Gharama za matibabu ni za kampuni, na nafasi yake ya kazi inamsubiri.

Hatua za nidhamu ni kwa anayeuza dawa kazini, anayechezea sampuli, au anayeendesha akijua amelewa. Atasikilizwa kwanza, akiwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Akiachishwa kazi asiridhike, ana siku 30 kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.